Unalipa rejesho kila mwezi, halafu benki inasema umevunja mkataba. Inakuwaje?

Hii imewashtua wafanyabiashara wengi waliotoka kwenye mikopo midogo na kuingia kwenye ile mikubwa ya kampuni. Mtu halali deni hata siku moja, rejesho linaingia tarehe ile ile, halafu anaitwa benki anaonyeshwa ukurasa ambao hakuusoma vizuri siku ya kusaini. Pale pameandikwa kwamba mbali na kulipa, kampuni yake lazima ibaki ndani ya vipimo fulani. Na vipimo vimepitwa.

Kama mkopo wako ni wa milioni 3 wa kikundi au wa kuweka friji na kochi dhamana, haya pengine hayakuhusu kwa sasa. Huko wanaangalia dhamana na mwenendo wako tu. Lakini ukishasajili kampuni na kuchukua hela ya maana, mkataba mara nyingi unakuja na masharti ya kifedha. Mawili ndiyo utakutana nayo sana. La kwanza linauliza: faida ya biashara inaweza kulipa riba mara ngapi? La pili linauliza: kwenye hii biashara, hela za kukopa ni nyingi kiasi gani ukilinganisha na hela zenu wenyewe?

Hesabu zenyewe ni za kugawanya tu, hata simu ya tochi inazimaliza. Ugumu upo kwenye kujua namba ipi inaingia na ipi haiingii. Twende na mfano wa kubuni tuone jinsi hesabu moja inavyotoa majibu mawili tofauti kabisa.

Chukua kampuni ya mama mmoja anayeuza vifaa vya ujenzi kwa jumla. Saruji, nondo, mabati, rangi. Mwezi wa kwanza alikopa benki shilingi milioni 200, riba asilimia 18 kwa mwaka kwa salio linalopungua, miezi 48. Rejesho lake ni kama milioni 5.9 kwa mwezi. Mkataba unasema mambo mawili: faida kabla ya riba na kodi iwe angalau mara 2 ya riba yote, na madeni yasizidi mara 1.5 ya mtaji wa wenye kampuni. Kipimo kinachukuliwa tarehe 31 Desemba kwa hesabu zilizokaguliwa.

TUANZE NA RIBA

Mwaka ukaisha hivi. Mauzo milioni 960. Mzigo aliouza ulimgharimu milioni 768. Inabaki faida ghafi milioni 192. Toa gharama za kuendesha biashara: pango 24, mishahara 42, usafiri na mafuta 18, umeme, leseni, simu na vidogo vidogo 11, uchakavu wa gari na vifaa 15. Jumla milioni 110. Inabaki milioni 82. Halafu mwaka huo aliuza pikapu ya zamani, akapata milioni 14 zaidi ya thamani iliyokuwa imebaki kwenye vitabu. Kwa hiyo karatasi ya mwisho inasoma faida kabla ya riba na kodi milioni 96.

Mama huyu akajipimia mwenyewe. Riba ya mwaka kwenye ule mkopo ilikuwa kama milioni 33, akagawanya 96 kwa 33, akapata 2.9. Akafurahi, maana anatakiwa 2.

Hapo pana jambo amelifanya sawa, na wengi hulikosea: hakutumia rejesho lote. Kwa mwaka alilipa benki kama milioni 70.5, lakini milioni 37.5 za hizo ni deni lenyewe linapungua. Riba ni zile 33 tu. Ukigawanya faida kwa rejesho zima utapata namba ndogo na utakosa usingizi bure. Mgawanyo huo unaupata kwenye ratiba ya marejesho, ile karatasi yenye safu nyingi uliyopewa siku ya kusaini. Kama huna, iombe tawini.

Sasa tuone alipoteleza. Mkataba unasema "riba yote", siyo riba ya benki hii. Ana ovadrafti kwenye akaunti ya biashara, riba yake kwa mwaka milioni 4. Ana lori alilolichukua kwa mkopo kwingine, riba milioni 5. Jumla riba yote ni milioni 42. Gawanya tena:

96 ÷ 42 = 2.29

Bado amepita. Lakini afisa wa benki akisoma hesabu atauliza swali la pili: hii faida, mwakani itarudi? Pikapu imeshauzwa, haiuzwi mara mbili. Ndiyo maana mikataba mingi inasema wazi kwamba faida ya kuuza mali za kampuni, fidia ya bima na mapato mengine ya mara moja hayahesabiwi. Toa zile 14:

82 ÷ 42 = 1.95

Amekosa. Kwa kiasi kidogo tu, lakini kipimo hakina "karibu". Alihitaji faida ya milioni 84, ana 82. Ameanguka kwa milioni 2 kwenye biashara yenye mauzo ya karibu bilioni moja.

Ngoja nikuonyeshe kitu kingine hapo hapo. Chukulia mkataba ungesema faida kabla ya riba, kodi NA uchakavu. Uchakavu wa milioni 15 unarudishwa juu, inakuwa 97, ukigawanya kwa 42 unapata 2.31. Biashara ile ile, mwaka ule ule, na amepita. Kwenye mikataba ya Kiingereza utaona herufi EBIT au EBITDA, na hizo herufi mbili za mwisho ndizo zenye tofauti yote. Kwa hiyo usiazime hesabu ya jirani yako aliyekopa benki nyingine. Fungua mkataba wako, ukurasa wa tafsiri ya maneno, ambao kwa kawaida uko mbele kabisa na ndio watu wanaouruka.

TUJE KWENYE DENI NA MTAJI

Hapa ndipo wafanyabiashara wetu wanaumia zaidi, na sababu ni tabia moja: kuchota.

Kwenye hesabu za mama yetu, hisa alizoweka mwanzo ni milioni 50. Faida zilizolimbikizwa miaka ya nyuma milioni 92. Mwaka huu, faida milioni 96, toa riba 42, inabaki 54, toa kodi ya kampuni asilimia 30 ambayo ni kama 16, inabaki 38. Jumla mtaji wa wenye kampuni ni milioni 180. Deni la benki limeshuka hadi milioni 162.5. Akagawanya, akapata 0.9. Anaruhusiwa 1.5. Akaona yuko mbali kabisa na hatari.

Halafu mhasibu akaja na daftari.

"Mama, hizi milioni 40 zilizotoka kwenye akaunti ya kampuni mwezi wa sita na wa nane, niziandike wapi?"

"Hizo si za kupaua nyumba kule juu? Hela yangu hiyo, mwanangu."

"Sawa mama, ni yako. Lakini ilikuwa ya kampuni kabla haijawa yako."

Huyo kijana yuko sahihi. Ukishakuwa kampuni, hela ikitoka kwenda kwako bila kuwa mshahara, kuna njia mbili tu. Ama ni gawio, na gawio linapunguza mtaji. Ama ni deni unalodaiwa na kampuni yako mwenyewe. Wengine wanapenda hiyo njia ya pili, kwa sababu kwenye karatasi mtaji unabaki mzima na deni la mkurugenzi linaonekana kama mali ya kampuni. Benki inaujua huo mchezo. Mikataba mingi inataka kiasi chochote anachodaiwa mkurugenzi au ndugu yake kiondolewe kwenye mtaji kabla ya kugawanya. Njia zote mbili zinakufikisha pale pale: 180 toa 40, mtaji ni milioni 140.

Upande wa deni nao unakua. Mkataba wake unahesabu mikopo yote yenye riba, pamoja na hela walizokopesha wenye hisa. Benki 162.5. Ovadrafti siku ile ya 31 Desemba ilikuwa 28. Lori limebaki 34.5. Hapo ni milioni 225. Halafu kuna milioni 30 ambazo mumewe, mwenye hisa mwenzake, aliingiza kipindi mzigo ulipokata. Hazina riba, hakuna aliyeandikishana, ndani ya nyumba wanaziita mtaji. Kwenye vitabu ni deni.

255 ÷ 140 = 1.82

Kutoka 0.9 hadi 1.82. Hakuna aliyeiba, hakuna aliyedanganya. Mama alitumia namba moja ya deni na mtaji usiotoa alichochota, benki ikatumia maneno ya mkataba.

Vipi kuhusu mali kauli? Mama huyu ana mzigo wa milioni 70 wa msambazaji ambao hajaulipia. Kwa mkataba wake haumo, kwa sababu maneno ni "mikopo". Kama wako umeandikwa "madeni yote", basi mali kauli inaingia, kodi ambayo hujalipa inaingia, hata malipo ya awali ya mteja ambaye hujampelekea nondo zake yanaingia. Kwa mfanyabiashara wa jumla hiyo inaweza kukupindua peke yake. Ni neno la kupigania kabla ya kusaini. Ukishasaini, kulibadilisha ni kazi nyingine.

Kuna wanaojaribu kukuza upande wa mtaji kwa kumleta mthamini aseme kiwanja kilichonunuliwa milioni 20 sasa ni milioni 80. Kihasibu inaruhusiwa kufanya uthamini upya kwa utaratibu wake. Lakini benki nyingi zinaandika kabisa kwamba ongezeko la uthamini halihesabiwi, maana kiwanja kupanda bei hakujaleta hela dukani. Soma kabla hujamlipa mthamini.

STOO NAYO INASEMA

Hesabu hizi zote zimechukulia kwamba mzigo uliopo stoo ni mzima. Mkaguzi akija kuhesabu mwisho wa mwaka akakuta saruji imeganda ya milioni 6, inaondolewa kwenye faida. Faida ya 82 inakuwa 76, na riba inafunikwa mara 1.81 tu. Mtaji nao unapungua. Vivyo hivyo kwa fundi uliyemkopesha mabati miaka miwili iliyopita na simu hapokei. Hilo deni ukiendelea kuliandika kama mali, mkaguzi atalikata, na atalikata mwezi wa tatu wakati wewe huna tena la kufanya.

Na nitamke hili bila kuuma maneno. Mwenye tabia ya kuficha mauzo ili kodi iwe ndogo anajifunga mwenyewe hapa. Benki inapima kwa hesabu zilizokaguliwa, zile zile zinazokwenda TRA. Huwezi kuwa na faida ndogo kwa mmoja na kubwa kwa mwingine. Ukipeleka mbili tofauti, kosa linakuwa kubwa kuliko kipimo chenyewe.

PIMA LINI?

Hesabu zilizokaguliwa zinatoka miezi kadhaa baada ya mwaka kufungwa. Lakini kipimo kinaangalia tarehe 31 Desemba. Ukijua mwezi wa tatu kwamba umeanguka, Desemba imeshapita na haibadiliki. Kwa hiyo jipime mwenyewe mwanzoni mwa Oktoba, ukiwa na miezi tisa mkononi na makadirio ya miezi mitatu.

Hapo pana mtego mdogo. Usichukue robo moja nzuri ukaizidisha mara nne. Kwenye vifaa vya ujenzi, msimu wa kiangazi watu wanajenga, masika mzigo unalala. Ukizidisha kiangazi mara nne utapata mwaka ambao haupo. Chukua miezi 12 mfululizo: ile tisa ya mwaka huu, ongeza makadirio ya mitatu yanayofuata, na makadirio hayo uyapime kwa ulichouza kweli miezi hiyo hiyo mwaka jana.

Mama yetu angepima Oktoba, kipimo cha deni na mtaji kingeokoka. Tuseme alikuwa hajachota zote, amechota milioni 15, na hizo 25 zilizobaki akaziacha kwenye akaunti zipunguze ovadrafti. Ovadrafti ingeshuka kutoka 28 hadi 3, madeni yote yawe milioni 230. Mtaji ungebaki 165. Ukigawanya ni 1.39, amepita, hata ile hela ya mume ikiwa bado inahesabiwa kama deni. Ona jinsi shilingi moja isiyochotwa inavyofanya kazi mara mbili: deni linapungua na mtaji unabaki.

Na kama hela imeshakwenda kwenye mabati ya nyumba? Inabaki ile milioni 30 ya mume. Zipo njia mbili. Igeuzwe kuwa hisa, ambayo inahitaji azimio la wenye kampuni na kuandikishwa BRELA. Au asaini makubaliano na benki kwamba hatalipwa hata senti mpaka benki imalize kulipwa, na mkataba ukubali kwamba deni la namna hiyo linahesabiwa kama mtaji. Kwa njia yoyote, madeni yanakuwa 225, mtaji 170, na jibu ni 1.32. Lakini iwe imekamilika kabla ya 31 Desemba, kwa karatasi. Kusema "sisi ndani tunajuana" hakusaidii kitu.

Kipimo cha riba ni kigumu zaidi. Oktoba robo tatu ya mwaka imeshapita, na riba ya mwaka karibu yote imeshakula. Unaweza kubana gharama za miezi mitatu, unaweza kuuza mzigo uliolala, lakini si rahisi kutengeneza faida mpya kubwa. Kwa upungufu wa milioni 2 pengine ungeweza. Kwa milioni 20 hapana. Hapo kilichobaki ni kwenda kuongea.

KWENDA BENKI KABLA HAWAJAKUITA

Ukivunja kipimo, hata kama rejesho liko sawa, mkataba kwa kawaida unaipa benki haki ya kufunga ovadrafti, kupandisha riba, au kudai mkopo wote ulipwe. Mara nyingi hawakimbilii hilo la mwisho, maana na wao wanataka hela yao irudi. Lakini haki wanayo, na haki hiyo peke yake inaharibu hesabu zako. Kwa kanuni za kimataifa za uhasibu, ukiwa umevunja sharti mpaka siku ya kufunga mwaka na benki haijakubali kabla ya siku hiyo kukupa muda wa angalau miezi 12, mkopo wote unaandikwa kama deni la kulipwa ndani ya mwaka. Zile milioni 162.5 zote zinaonekana kama zinadaiwa kesho. Msambazaji anayekupa mali kauli akiziona hizo hesabu, anaanza kutaka taslimu.

Ndiyo maana barua ya kusamehewa inatakiwa iwe mkononi kabla ya 31 Desemba. Ikija Februari, inaweza kuzuia benki kukudai, lakini hesabu za mwaka huo haizirekebishi.

Nenda na vitu vitatu: hesabu za miezi tisa, makadirio hadi mwisho wa mwaka, na karatasi moja inayoonyesha vipimo vyote viwili umevipigaje, namba kwa namba, kwa maneno ya mkataba. Sema kiasi unachokosa na kwa nini. "Tutapungukiwa milioni 2 kwenye faida kwa sababu mauzo ya masika yalishuka" ni sentensi ambayo afisa mikopo anaweza kuipeleka kwa wakubwa zake. "Biashara ngumu mwaka huu" haifiki popote. Kisha omba waziwazi: kusamehewa kipimo cha tarehe fulani, au kipimo kishuke kutoka 2 hadi 1.75 kwa mwaka mmoja. Tegemea kulipia ada, na tegemea wataomba kitu kama kuzuia gawio mpaka urudi kwenye mstari.

Jibu likija, hakikisha ni barua iliyosainiwa na benki yenyewe, inayotaja kifungu cha mkataba, tarehe ya kipimo inayosamehewa, na muda wake. Ujumbe wa WhatsApp wa afisa aliyekwambia "usijali dada, tutaangalia" hauhesabiki, na huyo afisa anaweza kuhamishiwa tawi jingine wiki ijayo.

Na ile fomu ya kila mwaka ambayo mkurugenzi anasaini kuthibitisha kwamba masharti yote yametimizwa, usiisaini huku umesimama kaunta. Nenda nayo nyumbani, kaa na mhasibu, piga zile hesabu mbili kwanza. Ukisaini kwamba umetimiza na kumbe hujatimiza, umeongeza kosa la pili, na hilo la kutoa taarifa isiyo kweli ni gumu kusamehewa kuliko kukosa milioni 2 za faida.